Mpaka Upo, Ndiyo Maana Tunavuka

Katika warsha za walimu huku kwetu Busia kuna neno ambalo ukilitaja sasa unarekebishwa kabla hujafika mwisho wa sentensi. Neno lenyewe ni ubadilishaji msimbo, yaani ile hali ya msemaji kutoka lugha moja na kuingia nyingine katika mazungumzo yale yale, pengine katikati ya sentensi. Utaambiwa hilo ni neno la zamani. Utaambiwa linazigeuza lugha kuwa masanduku yenye kufuli, na kwamba linamwona mtoto anayechanganya lugha kuwa na upungufu. Neno linalotakiwa ni lile ambalo wasomi hulitamka kwa Kiingereza, transilangwejing, nami hapa nitaliita uvukaji lugha. Kwa mujibu wa wanaolihubiri, mtoto wa kata ya Busibwabo hana Lukhayo, Kiswahili na Kiingereza kama vitu vitatu. Ana ghala moja la maneno na miundo, na humo anachota anachohitaji. Majina tunayoyabandika, hiki Kiswahili, hiki Lukhayo, eti ni mipaka iliyochorwa na serikali na wamishonari, wala haimo kichwani mwa mtoto. Basi mwalimu asiwe na wasiwasi. Akichanganya, anavuka, na akivuka, anafundisha vizuri.

Nimeisikiliza hoja hii mara nyingi, na nimeona walimu wakiitikia kwa vichwa kwa sababu inawatua mzigo wa hatia walioubeba miaka mingi. Nafuu hiyo naielewa. Lakini hoja yenyewe naipinga, na naipinga kwa sababu watoto inaodai kuwatetea ndio wanaolipa gharama yake.

Kuna jambo moja sina ubishi nalo. Katika shule niliyosoma mimi kulikuwa na diski, kipande cha ubao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa shingoni, naye akawa askari wa kumnasa mwingine ili amkabidhi. Jioni, wakati wa kwenda nyumbani, aliyekutwa nayo alichapwa. Ilipofika saa nane mchana mimi nilikuwa tayari nimenyamaza, kwa sababu mtoto asiyesema neno hawezi kunaswa. Wenye uvukaji lugha wakisema kwamba kuchanganya lugha si dhambi, nawaunga mkono kwa moyo wote. Ila waliotuvisha diski hawakuwa wanafunzi wa nadharia ya ubadilishaji msimbo. Nadharia hiyo ilikuja kuonyesha kwamba wenye diski walikosea.

Mwaka 1980 mwanaisimu Shana Poplack alitoa uchunguzi wake wa wazungumzaji 20 wenye asili ya Puerto Rico waliokuwa wakiishi New York, watu walioambiwa kila siku kwamba hawajui Kihispania wala Kiingereza ndiyo maana wanavuruga. Alichokuta ni kinyume. Waliobadili lugha katikati ya sentensi bila kujikwaa ndio hasa waliozimudu lugha zote mbili vizuri zaidi. Wenye udhaifu katika moja walibadili pembeni tu, mwishoni mwa sentensi, au kwa vijineno vya kuitikia. Huo ulikuwa ushahidi mzito dhidi ya fikra ya upungufu, na ulipatikana kwa kuhesabu misimbo, si kwa kukana kwamba ipo.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hiyo ilifanywa na Carol Myers-Scotton, ambaye kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu sababu za kijamii za kubadili msimbo kilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya mazungumzo yaliyonaswa Nairobi. Kuna mfano wake mmoja ambao mtu wa Magharibi ya Kenya hawezi kuusahau. Mlinzi wa lango la ofisi Nairobi anamsemesha mgeni kwa Kiswahili, lugha isiyomfunga mtu kwenye kabila. Mgeni ni mwalimu mkuu kutoka Uluhyani. Mlinzi anapogundua kwamba wametoka upande mmoja, anahamia Kiluhya, na uhusiano wao unageuka papo hapo: aliyekuwa askari na mgeni wake sasa ni ndugu na ndugu. Ukisema mlinzi huyu amechota tu kutoka ghala moja, umeeleza nini? Maana yote ya tukio imo katika kile kitendo cha kutoka huku na kuingia kule, na wote wawili walijua wametoka wapi na wameingia wapi.

Hata sarufi inashuhudia. Darasani Busibwabo nimemsikia mtoto akimwambia mwenzake: "Chumvi imedizolvu." Itazame sentensi hiyo kwa karibu. Kuna i- ya ngeli ya chumvi, kuna -me- ya tendo lililokwisha, kisha kuna kitenzi cha Kiingereza, ambacho nimekiandika kama wanavyokitamka. Kiswahili kimetoa fremu, Kiingereza kimetoa kitu cha kutia ndani ya fremu. Miaka yote niliyokaa madarasani sijamsikia hata mtoto mmoja akichukua kiishio cha Kiingereza cha wakati uliopita na kukibandika nyuma ya "yeyuka". Kama kweli kichwani ni ghala moja lisilo na kuta, ni nini kinachomzuia? Mwanaisimu Jeff MacSwan alitoa hoja ya namna hii mwaka 2017 alipowajibu watetezi wa uvukaji lugha, kina Ofelia García: kichwa ni kimoja, ndiyo, na vitu vingi humo ni vya pamoja, lakini ndani yake kuna sarufi zilizotofautiana, na mchanganyiko wenye kanuni hauelezeki bila hizo. Mtu anaweza kukubali hayo na bado akaichukia diski.

Lakini haya ya wanaisimu ni mlango tu. Kilichonifanya nichukue kalamu ni kipindi kimoja cha Sayansi na Teknolojia, Gredi ya 5.

Mwalimu alisimama mbele na gilasi ya maji na pakiti ya chumvi. Alikuwa ameandika ubaoni kwa Kiingereza, kwa sababu kuanzia Gredi ya 4 Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, kama ilivyopendekezwa na kamati ya Gachathi mwaka 1976 na kama inavyoendelea katika mtaala wa umilisi. Alisoma maelezo ya ubaoni. Darasa kimya. Akatia chumvi vijiko viwili, akakoroga, akainua gilasi ionekane. Kisha akageukia Kiswahili: "Haya, chumvi imefanya nini?" Darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Imeyeyukaaa!" Akasema vizuri sana, akarudia neno la Kiingereza, dizolvu, wakalikariri mara tatu, akaendelea na mambo mengine.

Mtu wa warsha angekipiga picha kipindi hicho. Lugha mbili, watoto wamechangamka, hakuna aliyechapwa. Na mwalimu huyo ni mwalimu mzuri. Nimemwona akibaki na wanafunzi hadi jioni. Lakini nilipita baadaye kati ya madawati nikitazama zoezi. Swali liliwataka wataje vitu vitatu vinavyodizolvu. Kijana mmoja wa nyuma alikuwa ameandika barafu, mshumaa na mafuta ya kupikia. Jirani yake, barafu na plastiki. Nilimuuliza kijana kwa Kiswahili, "Mafuta yanafanyaje?" Akanitazama kama ninayeuliza jambo la wazi. "Yanayeyuka, mwalimu. Mama akiweka sufuria kwa jiko."

Hakukosea Kiswahili hata kidogo. Mafuta ya mgando huyeyuka. Barafu huyeyuka. Chumvi nayo huyeyuka kwenye maji. Kiswahili cha nyumbani kina kitenzi kimoja kinachofanya kazi mbili ambazo Kiingereza cha sayansi kimezigawa: kuna kile kinacholainishwa na joto kikawa majimaji, nacho wanakiita melti, na kuna kile kinachotawanyika ndani ya kimiminika kingine hadi hakionekani, nacho ndicho dizolvu. Mwalimu alipovuka kutoka Kiingereza kwenda "kuyeyuka" alidhani amebeba maana ile ile. Alibeba maana mbili, na watoto wakashika ile wanayoijua zaidi, ya jikoni. Kiswahili hakikosi neno la pili. Kuna kumumunyika, tunalolijua kutokana na peremende mdomoni, lakini hakuna anayelitumia kwa chumvi mezani.

Sasa nionyeshwe jinsi nadharia ya ghala moja ingemsaidia mwalimu huyu kuliona kosa. Kosa limekaa penye mpaka kabisa, pale ambapo ramani ya maana ya Kiswahili hailingani na ramani ya maana ya Kiingereza. Ukimwambia mpaka ni uzushi wa kisiasa, umemwondolea mahali pa kutazama. Anayejua kwamba amebadili msimbo atajiuliza neno aliloingia nalo linabeba nini ambacho neno alilotoka nalo halibebi. Swali hilo ni nusu ya ufundi wa kufundisha sayansi kwa lugha ya pili.

Mwaka 1992 Marilyn Merritt, Ailie Cleghorn, Abagi na Grace Bunyi walichapisha uchunguzi wa ubadilishaji msimbo katika madarasa ya shule za msingi za Kenya. Waligawa yale waliyoyaona kwa kazi yanayofanya. Wakati mwingine mwalimu anarudia jambo lile lile kwa lugha nyingine bila kuongeza kitu. Wakati mwingine anabadili lugha ili kuleta jambo jipya. Mara anatafsiri neno moja tu ndani ya sentensi. Na mara nyingine ni vijineno vya kuendesha darasa: haya, sawa, kaa chini, si ndiyo? Mimi nimejizoesha kuingia darasani na penseli na karatasi yenye safu tatu: kutoka lugha gani, kwenda ipi, kwa kazi gani. Kipindi ni dakika 35. Ukifanya hivyo mara chache utakuta kwamba mabadiliko mengi ni ya kuendesha darasa na ya kutafsiri neno mojamoja. Yale yanayobeba jambo jipya, ambapo mtoto anapata hoja kwa lugha anayoielewa vizuri, mara nyingi yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Na upande wa watoto, karibu yote ni kiitikio cha neno moja. Mwalimu akiiona karatasi hiyo anashtuka, na mshtuko huo ni mwanzo wa kazi. Ukimwambia kwamba yote aliyoyafanya ni uvukaji lugha na yote ni mema, karatasi haina cha kumwonyesha.

Wanaotumia jina hilo wangerudi kwa mwenye nalo. Neno la awali ni la Kiwelisi, na aliyelileta ni Cen Williams, katika utafiti wa udaktari alioukamilisha mwaka 1994 huko Bangor, Wales. Colin Baker ndiye aliyelieneza kwa Kiingereza baadaye. Williams hakuwa akisifu mchanganyiko uliojitokea wenyewe. Alikuwa akieleza mbinu: mwanafunzi apokee habari kwa lugha moja, tuseme asome kwa Kiingereza, kisha aitoe kwa nyingine, ajadili na kuandika kwa Kiwelisi. Huwezi kuitoa kwa lugha ya pili bila kuitafuna, kwa sababu hakuna sentensi ya kunakili. Tena mbinu ilikuwa na lengo la kuinua lugha iliyokuwa dhaifu shuleni. Kila hatua ilihitaji kujua lugha ipi inaingia na ipi inatoka. Ni mbinu inayosimama juu ya mpaka, na mimi naipenda kwa sababu hiyo. García alilipanua neno tangu kitabu chake cha mwaka 2009, na mwaka 2015 yeye na wenzake Ricardo Otheguy na Wallis Reid wakafika kwenye dai la kwamba lugha zenye majina hazina mahali katika akili ya msemaji. Warsha zetu zimechukua dai la mwisho na kuiacha mbinu ya kwanza.

Turudi kwenye chumvi. Mbinu ya Williams ingefanyaje kazi Busibwabo?

Inahitaji vipindi viwili mfululizo, si kimoja. Nimejaribu kuibana kwenye dakika 35 na haikubali. Unahitaji jiko la makaa ambalo mwalimu ndiye atakayelishika, sufuria ndogo mbili, vikombe, chumvi na mafuta ya mgando. Watoto wanatia chumvi kwenye maji baridi: inapotea bila moto. Wanatia kipande cha mafuta kwenye maji baridi: kinaelea pale pale. Mwalimu anaweka mafuta kwenye sufuria kavu motoni: yanakuwa majimaji. Kisha anaweka chumvi kavu kwenye sufuria ya pili, na hapa ndipo darasa linaposogea mbele, kwa sababu kila mmoja anatarajia iyeyuke. Haiyeyuki. Inalialia kidogo na kurukaruka, lakini inabaki chumvi. Ingehitaji joto la nyuzi 800 na kitu za Selsiasi, ambalo jiko la mama halilifikii. Mwisho, sufuria ya mafuta inawekwa pembeni ipoe, na kikombe cha maji ya chumvi kinaachwa hapo hapo. Mafuta yanaganda tena. Chumvi hairudi.

Wakati huu wote watoto wamo katika vikundi, wanasemezana kwa lugha yoyote wanayoielewa pamoja. Hiyo ni hatua ya kupokea. Baada yake mwalimu anachora ubaoni safu mbili: kinachohitaji moto tu, na kinachohitaji kuwa ndani ya kitu kingine. Watoto wanapanga walivyoviona, sukari kwenye chai ikiwemo. Ndipo maneno yanapoingia: melti upande huu, dizolvu upande ule, kwa Kiswahili kuyeyuka huku, kumumunyika kule. Mwalimu anasema wazi kwamba nyumbani sisi tunatumia neno moja, na kwamba si kosa, ila kwenye karatasi ya sayansi tutayatenga. Kisha kila mtoto anaandika sentensi mbili za Kiingereza, moja kwa kila neno. Halafu sehemu ninayoitegemea kuliko zote: anambadilishia jirani daftari, na jirani anaeleza kwa Kiswahili alichosoma, bila ruhusa ya kutumia neno kuyeyuka. Akishindwa, hajaelewa, hata kama sentensi yake ya Kiingereza imenyooka. Hapo ndipo unapomjua aliyekariri.

Bado kuna jambo ambalo mbinu hii haiwezi kulitatua peke yake. Mtihani wa kitaifa wa mwisho wa Gredi ya 6, isipokuwa Kiswahili, unakuja kwa Kiingereza. Mtoto anaweza kujua kabisa tofauti ya mafuta na chumvi na bado akaweka alama pasipofaa kwa sababu ya neno moja asilolikumbuka. Anayefundisha kwa kuvuka bila kuhakikisha mtoto anafika ng'ambo amemwacha majini.

Na kuna binti mmoja. Kata ya Busibwabo iko Matayos, eneo la Abakhayo, na mwalimu wa kipindi kile ni Mkhayo. Lakini huku ni mpakani. Darasani kuna watoto wa Abasamia, wa Wajaluo, wa familia zilizotoka ng'ambo Uganda, na kuna Waiteso waliohamia kutoka pande za Amukura na Malaba. Lukhayo ni Kibantu, binamu wa Kiswahili. Anayekijua kimoja anaweza kubahatisha maneno ya kingine. Kiteso ni lugha ya Kinailoti, ya ukoo mwingine kabisa. Maji Mkhayo anayaita amachi, Mteso anayaita akipi. Hakuna cha kubahatisha hapo.

Katikati ya kipindi mwalimu aliingia Lukhayo, akasema maneno machache ya kuchekesha kuhusu mtu aliyetia chumvi kwenye chai, na darasa likaangua kicheko. Binti mmoja wa dirishani, ambaye nyumbani kwao wanasema Kiteso, alicheka pia. Alicheka baada ya wenzake, akiwa amewatazama usoni kwanza. Kitambo chenyewe kilikuwa kifupi sana, na kama nisingekuwa nimekaa ubavuni nisingekiona. Kisha akainama akaandika kitu daftarini, na ukurasa wake ulikuwa na tarehe na kichwa cha habari tu.

Ghala moja, wanasema. La nani? Kila kichwa kina lake. Darasa la watoto 50 halina ghala moja, lina 50, na mwalimu anapochota anachota kutoka lake. Ukiandika kwenye karatasi yako kwamba dakika ile alitoka Kiswahili akaingia Lukhayo, unaweza kuuliza nani alibaki nje. Ukiandika kwamba alitumia rasilimali zake zote za kilugha, binti wa dirishani hayumo kwenye taarifa yako. Sera inasema watoto wa gredi za mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo. Mjini Busia hiyo huwa Kiswahili, na kadiri unavyotoka nje ya mji mambo yanazidi kutatanisha, maana eneo lina lugha zaidi ya moja. Uamuzi wa nani aketi na nani, lugha ipi itumike kupokea na ipi kutoa, unafanywa na mwalimu, kila asubuhi, kwa majina. Hauwezi kufanywa na mtu aliyeaminishwa kwamba majina ni uzushi.

Nakubali kwamba majina yametengenezwa. Sisi Waluhya tunalijua hilo kuliko wengi. Katika miaka ya 1940 kulikuwa na juhudi, wakiwemo Shemasi Mkuu Walter Owen wa kanisa la Kianglikana na shemasi Lee Appleby, ya kutengeneza Luluhyia moja ya maandishi kwa ajili ya makabila yetu yote. Walogoli hawakutaka kuachia maandishi yao, Wabukusu nao wakaona lugha yao imezikwa ndani ya lugha ya wengine, na Luluhyia ile haikushika. Watu walikataa kwa sababu kwao mipaka ile ilikuwa ya kweli, bila kujali nani aliichora kwanza. Jambo likitengenezwa na watu haliwi la uongo. Shilingi nazo zimetengenezwa na watu. Jaribu kununua sukari Busia ya Uganda kwa kubisha kwamba shilingi zote ni moja.

Nimeambiwa, na mtu ninayemheshimu, kwamba nikishikilia kutaja misimbo nitawapa wenye diski nguvu ya kurudi. Nimeifikiria hofu hiyo kwa uzito. Lakini tazama kazi iliyozaliwa mpakani kwetu. Neno bodaboda linatokana na neno la Kiingereza la mpaka, kwa sababu huku ndiko vijana wa baiskeli walikoanza kuwapakia wasafiri kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine. Hakuna kijana aliyepata nauli kwa kumwambia abiria kwamba mpaka haupo. Alijua kituo cha huku, alijua kituo cha kule, alijua mzigo gani unaanguka njiani na ulipofungwa vibaya. Hakuwa adui wa anayevuka, alikuwa fundi wa kuvuka. Mwalimu wa Busibwabo ninayemtaka ni huyo.

Kipindi cha chumvi kilirudiwa juma lililofuata, kwa vipindi viwili, na jiko likaletwa. Safari hii binti wa dirishani aliketishwa na watoto wengine wawili wa Kiteso. Walipofika kwenye swali la jinsi ya kuirudisha chumvi iliyopotea majini, vikundi vya Wakhayo vilisema ipoozwe, kama mafuta. Pembe ya Waiteso walibishana kwa Kiteso kwa muda, mimi nikishika neno akipi tu lililokuwa likirudi na kurudi. Kisha binti akainuka, akaja mbele, akamwomba mwalimu kwa Kiswahili ile sufuria ya pili, akamimina maji ya chumvi kidogo ndani yake, na akamwomba airudishe motoni. Maji yakachemka yakaisha. Pembeni mwa sufuria pakabaki utando mweupe. Aliusubiri upoe, akaugusa kwa kidole, akaonja, kisha akarudi dirishani na kuandika kwa Kiingereza mistari minne, huku akimuuliza jirani yake tahajia ya neno moja.